Nyumba ndogo ya wageni: anza na njia ya shuka chafu

Mteja akija na wazo la nyumba ya wageni ya vyumba vinane, huwa ananionyesha picha za mbele ya jengo. Mimi namuuliza shuka iliyovuliwa chumba cha mwisho juu inateremka kwa wapi. Wengi hawajawahi kuliwaza hilo, na ndilo linalopanga karibu kila kitu kingine.

Lakini kwanza chumba chenyewe, maana ndicho kipimo kinachojirudia. Natumia moduli ya mita 3.6 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta mwingine. Ukitoa unene wa ukuta, ndani inabaki 3.4. Kitanda chenye kichwa ukutani kinakula mita 2, meza nyembamba upande wa pili nusu mita, na katikati inabaki njia ya sentimita 90. Ukibana ndani iwe mita 3 ili upate chumba cha ziada, njia hiyo inashuka hadi nusu mita, na mgeni mwenye begi anapita ubavuubavu. Bafu nalipeleka upande wa korido: kijia cha kuingilia mita 1.1, ukuta mwembamba, kisha bafu la mita 2.2. Vyumba viwili jirani vinageuziana bafu ili mabomba yote yashuke katika shafti moja, yaani uwazi wima wa mabomba, yenye mlango mdogo koridoni. Bomba likivuja fundi anafungua pale bila kumwamsha mtu.

Sasa tuchukue moduli tano kwa mstari, mita 18, ghorofa mbili, korido upande mmoja. Juu vyumba vitano, chini vitatu. Moduli mbili za chini zinabaki kwa huduma: ya kwanza, karibu na lango la wageni, ni mapokezi, ya tano, mwisho kabisa, ni chumba cha kufulia na mlango wa wafanyakazi. Zote mbili ziko chini ya mabafu ya juu, kwa hiyo choo cha mapokezi na maji ya mashine yanatumia shafti zilezile. Chumba kilicho juu ya mashine kitasikia mtikisiko zinapokamua, basi ufuaji uishe kabla watu hawajalala.

Penye shida ni ngazi. Ikiwa ipo moja tu, mbele ya mapokezi, kila asubuhi mhudumu atashuka na furushi la shuka na taulo mbichi katikati ya wageni wanaolipa na kuaga. Mwenye nyumba akilalamika kwamba mapokezi yananuka unyevu, angalia ngazi kabla hujalaumu sabuni. Kwa hiyo naweka ngazi ya pili mwisho wa korido, yenye paa, inayoshukia mlangoni pa chumba cha kufulia. Mteja hunung'unika kuhusu gharama mpaka nimwonyeshe kwamba hiyo ndiyo pia njia ya kukimbilia, moto ukiziba ngazi ya kwanza.

Chumba cha kufulia kiwe na milango miwili. Chafu inaingia kwa mlango wa upande wa ngazi, inachambuliwa, inafuliwa, inakaushwa, inakunjwa mezani, inapangwa rafuni, na safi inatoka kwa mlango wa korido. Chumba kikiwa na mlango mmoja, furushi chafu litatua juu ya meza ya kukunjia siku ya kwanza yenye wageni wengi.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba cha kitanda cha watu wawili kinatoa takriban kilo 4 za nguo kavu: shuka, foronya, taulo. Vyumba vinane vikiondoka siku moja ni kilo 32, yaani mizunguko minne ya mashine ya kilo 8. Kila mzunguko ni kama saa nzima, bado kukausha. Wageni wakitoka saa nne asubuhi na wengine wakiingia saa nane mchana, si shuka zote za asubuhi zitakazorudi kitandani mchana huohuo. Ndiyo maana kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja rafuni. Mteja akitaka kubana nafasi, heri apunguze mashine kuliko rafu.

Mapokezi hayahitaji ukubwa, yanahitaji macho. Anayekaa kaunta aone lango, mguu wa ngazi na korido yote mpaka mlango wa wafanyakazi, kwa sababu usiku huwa peke yake. Sehemu ya kaunta ishuke hadi sentimita 80 hivi kwa mgeni mwenye kiti cha magurudumu.

Mlango wa wafanyakazi ndio unaopitisha taka, mitungi ya gesi na mizigo ya sokoni, hivyo uwe na upana wa angalau mita moja na pahala pa gari kusimama. Kitasa chake kifungwe kwa nje, ila kwa ndani kifunguke kwa kusukuma tu, bila ufunguo. Komeo la ziada ambalo mwenye nyumba hulifunga baadaye kwa kuogopa wezi linaifuta ile ngazi ya moto, na nikirudi kukagua jengo ndilo ninaloliangalia kwanza.