Paka au mbwa kwa nyumba ndogo? Maswali na majibu

Swali: Daktari, tunaishi wan bedrum Umoja, flo ya 3. Niko na mimba ya miezi 3 na mtoto wa miaka 4. Mzee anataka mbwa, mtoto analilia paka. Majirani wananiambia paka ataniharibia mimba. Tuchukue gani?

Mama, kwa nyumba kama hiyo mimi ningesema paka, lakini kwa sharti moja, mzee ndiye atatoa choo chake kila siku, si wewe. Akikataa basi ngojeni ujifungue kwanza.

Hao majirani hawajakosea kabisa, wameruka tu hatua. Kuna kidudu kinaitwa toksoplasma, paka anakipata akila panya ama nyama mbichi, halafu anatoa mayai yake kwa kinyesi, mara nyingi ni kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Ukiambukizwa kwa mara ya kwanza ukiwa mjamzito mimba inaweza kutoka, ama mtoto aumie macho na ubongo. Sasa kitu watu hawajui ni kwamba hayo mayai yakitoka hayawezi kukuambukiza hapo hapo, yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Paka akienda choo Jumatatu usiku na mzee atoe Jumanne asubuhi kabla ya kwenda job, mayai bado hayajaiva. Ukiacha hadi wikendi ndio mfanye usafi, hapo mmejitafutia shida wenyewe.

Kwa hivyo tafuta beseni la zamani, weka maranda kutoka kwa fundi wa mbao, weka mbali na jikoni. Mzee avae glavu, azoe, afunge kwa paketi ya unga iliyoisha, atupe kwa pipa la plot, anawe na sabuni. Beseni lisuzwe na maji ya moto, na najua maji ya Umoja huja kwa mgao lakini jagi moja limetoka kwa sufuria linatosha. Usimpe paka matumbo mabichi ya bucha, chemsha kwanza, na asitoke nje kuwinda. Halafu wewe mwenyewe wacha nyama isiyoiva na uoshe sukuma vizuri, maana watu wengi hupata hicho kidudu kwa chakula na udongo na hawajawahi hata kushika paka.

Swali: Lakini mbwa si anafukuza wezi? Na tukichukua kapapi kadogo?

Flo ya 3 na geti la chini liko na kea teka, huyo mwizi atafukuzwa wapi? Anyway, papi si mbaya, shida ni minyoo. Wengi huzaliwa nayo tayari, wameitoa kwa mama yao tumboni, ndio maana dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki 2 na kurudiwa wiki ya 4, 6 na 8. Mayai ya hiyo minyoo nayo huchukua kama wiki 2 ama zaidi kukomaa, sasa papi akizoea kwenda haja kwa balkoni ama kwa kile kiploti mtoto anachezea mchanga, na hakuna mtu anazoa, mtoto wa miaka 4 anaweka mkono mdomoni tu na imeingia. Inaweza kufika hadi kwa jicho. Mbwa anafaa kushushwa ngazi asubuhi na jioni kila siku, na wewe ukiwa na miezi 8 sioni ukipanda hizo ngazi na mbwa anavuta kamba.

Swali: Mtoto huwa na pumu kidogo, anatumia inhela. Kuna shida?

Iko, na hii inaweza kubadilisha jibu langu lote. Kitu kinacholeta aleji ya paka kiko kwa mate na ngozi, si manyoya pekee, kinashika sofa na nguo na hata paka akienda kinabaki miezi. Mpeleke mtoto kwa rafiki mwenye paka mara kadhaa, na mbebe inhela. Akianza kupiga chafya, macho kuwasha ama kifua kupiga filimbi, sahau paka, na mbwa pia kwa chumba kidogo hivyo nisingejaribu kabla ya kuongea na daktari wake.

Swali: Chanjo ya kichaa ni ya mbwa peke yake?

Hapana, paka pia. Wote wachanjwe wakifika miezi 3, halafu kila mwaka. Na akimng'ata ama kumparura mtoto, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usiweke pilipili wala mafuta ya taa.