Je, wajua? Hati moja, mkopo hapa na hisa kule

Inakuwaje kampuni ya Dar es Salaam ipeleke fedha ng'ambo, ipunguziwe kodi hapa kwa sababu ya malipo hayo, na huko yanakofika yasitozwe kitu?

Ni kwa sababu sheria mbili za kodi zimeisoma karatasi moja na kuipa majina mawili. Sheria ya nchi inakotoka fedha imeiita mkopo, kwa hiyo malipo yake ni riba, na riba ni gharama ya biashara inayotolewa kwenye mapato kabla kodi haijakokotolewa. Sheria ya nchi zinakokwenda imeiita hisa, kwa hiyo malipo yale yale ni gawio, na nchi nyingi huliachia gawio linalotoka kwenye kampuni tanzu ya nje bila kulitoza kodi. Ukiipima kila sheria peke yake hutaona kosa. Kasoro hujitokeza pale zinapowekwa bega kwa bega, na hati ya namna hiyo ndiyo wataalamu wa kodi huiita hati mseto, ingawa kwa tabia yake jina la ndumilakuwili lingeifaa zaidi.

Msamaha wa gawio haukuwekwa kwa upendeleo. Gawio hulipwa kutokana na faida ambayo kampuni tanzu imekwisha kuitolea kodi kwao, hivyo kulitoza tena mikononi mwa kampuni mama kungekuwa kuitoza faida moja mara mbili. Msamaha huo unachukulia kwamba kodi imekwisha kulipwa mahali fulani, na hapo ndipo hati mseto inapopenyea, maana malipo yake yanavaa jina la gawio ilhali yametoka kwenye mapato ambayo, kwa kuwa yalitolewa kama riba, hayakuguswa na kodi ya kampuni hata kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni yenye kiwanda pembeni mwa Barabara ya Nyerere inamilikiwa yote na kampuni mama ya ng'ambo, katika nchi inayotoza kampuni kodi ya asilimia 25 lakini inayosamehe magawio ya kampuni tanzu. Kampuni mama inakipa kiwanda shilingi bilioni 10 kwa hati iliyoandikwa juu yake neno mkopo, yenye malipo ya asilimia 12 kwa mwaka. Ukiisoma hadi mwisho utakuta kwamba fedha hizo zitarudishwa baada ya miaka 50, kwamba malipo ya mwaka yatafanyika iwapo tu kiwanda kimepata faida, na kwamba kiwanda kikifilisika, kampuni mama itasubiri hadi wadai wengine wote walipwe. Mkopeshaji wa kawaida, benki ya mtaani kwetu kwa mfano, asingekubali masharti hayo hata siku moja, kwa kuwa ni masharti ya mwenye mali. Nchi inayofuata jina na umbo la kisheria la hati itaona mkopo, na nchi inayopima tabia yake ya kiuchumi itaona hisa.

Malipo ya mwaka ni shilingi bilioni 1.2. Kama fedha zile zingekuwa hisa za kawaida, faida hiyo ya bilioni 1.2 ingetozwa hapa kodi ya kampuni ya asilimia 30, yaani milioni 360, na milioni 840 zinazobaki zingelipwa kama gawio na kukatwa asilimia 10 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mpokeaji, yaani milioni 84, hivyo kodi yote ingefika milioni 444. Kama zingekuwa mkopo wa kawaida pande zote mbili, kiwanda kingetoa riba yote kama gharama na kukata kodi ya zuio ya milioni 120, kisha kampuni mama ingedaiwa kwao milioni 300, na baada ya kuhesabiwa zile 120 zilizokwisha kukatwa Tanzania, ingeongeza milioni 180. Jumla ni milioni 300. Kwa hati mseto hakuna kodi ya kampuni hapa wala kule, na kinacholipwa kwa bilioni nzima na ushei ni zile milioni 120 za kodi ya zuio pekee.

Mtu anaweza kuuliza kama sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina kizuizi. Ipo kanuni inayozihusu kampuni zinazodhibitiwa na wamiliki wa nje, nayo inaruhusu riba kutolewa kama gharama mradi deni lisizidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji. Kanuni hiyo ni ya manufaa, lakini inapima ukubwa wa deni na si hatima ya riba. Kiwanda chetu kikiwa na mtaji wa bilioni 5, deni la bilioni 10 linapita bila shida, na mkaguzi aliyeshika vitabu vya Dar es Salaam peke yake hataona lolote la kumshtua. Anayetaka kuijua hati ya aina hii hana budi kuweka hesabu za pande mbili mezani na kutazama kama kile kilichoandikwa na kampuni tanzu kuwa mkopo kutoka kwa mwenye hisa kimeandikwa na kampuni mama kuwa uwekezaji katika hisa.

Tiba iliyopendekezwa na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, katika ripoti yake ya Oktoba 2015 ni kuziunganisha sheria hizo mbili, ili jibu la nchi moja litegemee lililotokea katika nchi nyingine. Kwanza, nchi ya mpokeaji inashauriwa isisamehe gawio lolote ambalo mlipaji amelitoa kama gharama. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuwawekea wanachama wake sharti la namna hiyo mwaka 2014. Nchi ya mpokeaji isipofanya hivyo, nchi ya mlipaji inakataa kuitambua riba hiyo kuwa gharama, na pale ambapo hakuna aliyechukua hatua, nchi ya mpokeaji inabaki na haki ya kuyatoza malipo kama mapato ya kawaida.

Si kila malipo yasiyotozwa kodi huguswa na kanuni hizi za OECD. Ikiwa mpokeaji ni mfuko wa pensheni uliosamehewa, au yuko katika nchi isiyo na kodi ya mapato kabisa, tofauti imetokana na hali ya mpokeaji na si na hati, kwa hiyo kanuni hizi hazimgusi. Swali la kupimia ni kama malipo hayo hayo yangetozwa endapo yangepokelewa na mlipakodi wa kawaida wa nchi hiyo. Kiwango kidogo cha kodi nacho si kasoro ya mseto, hata kama kinaudhi.

Mpangilio wa zamu, yaani nchi ipi ianze kuchukua hatua, unaamua pia fedha zinaangukia hazina ya nani. Nchi ya kampuni mama ikiondoa msamaha wake, itadai milioni 300 na kutambua zile 120 za zuio, kisha itachukua milioni 180, huku Dar es Salaam ikibaki na 120 ilizokuwa nazo tangu mwanzo. Ni pale tu nchi hiyo inapoacha msamaha wake usimame, na sheria ya Tanzania ikawa na kifungu cha kukataa riba ya namna hii, ndipo milioni 360 za kodi ya kiwanda cha Barabara ya Nyerere zinapoweza kulipwa hapa zilikozalishwa.