Kiongozi Mpya wa Zamu: Wasifu Wako Uonyeshe Uliwafanyia Nini Watu

Wanaokuja kwetu kupata ushauri wa ajira wakiwa wametoka tu kupandishwa cheo huandika wasifu kwa namna mbili. Wapo wanaojitwalia kila kilichofanywa na zamu nzima, na wapo wanaojificha kabisa: "Tulifanya kazi kwa ushirikiano." Hao wa pili, ambao Pwani ni wengi, adabu yao ni nzuri lakini anayeajiri haambulii kitu.

Tuseme ni karani wa kuhesabu shehena katika yadi ya makontena huko Miritini. Baada ya miaka 3 ya ukarani alikabidhiwa zamu ya watu 6, na sasa, miezi minane baadaye, anaomba kazi ya usimamizi kwingine. Ameandika hivi:

"Nilipunguza muda wa lori kukaa yadini kutoka dakika 90 hadi 55."

Takwimu ni za kweli. Lakini miezi hiyohiyo yadi ilinunua mashine ya pili ya kunyanyulia makontena. Meneja yeyote aliyefanya kazi karibu na Kilindini anajua kwamba lori huchelewa kwa sababu nyingi, na karani ni mmojawapo tu. Atauliza swali moja: "Wewe hasa ulifanya nini?" Ukibabaika hapo, atatilia shaka na sentensi nyingine zote, hata zile zilizo safi.

Ndiyo maana sisi huanza na swali lingine: katika watu hao 6, ni nani anafanya kazi tofauti leo kwa sababu yako? Karani wetu anakumbuka mara moja. Makarani 2 wageni walikuwa wakikosea nambari za makontena, na lori likifika langoni linarudishwa. Nambari ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo nambari iliyoandikwa vibaya mara nyingi hugundulika. Aliwafundisha kuihakiki kabla ya kutia saini. Daftari la lango linaonyesha makosa yao yalishuka kutoka 11 mwezi wa kwanza hadi 2 mwezi wa tatu. Hapo pana sentensi:

"Niliwafunza makarani 2 wapya kuhakiki nambari za makontena, makosa yao yaliyorudisha malori langoni yalipungua kutoka 11 hadi 2 kwa mwezi katika miezi 3."

Tazama takwimu imefungwa wapi. Haisemi makosa ya yadi yamepungua. Inasema ya wale wawili aliowafunza. Hata wao wakiisoma hawatanung'unika, na hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine: isome ukiwa umefikiria wenzako wamekaa pembeni yako.

Si kila uongozi una hesabu. Zamu hiyo ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya nani alale kazini wikendi. Akaketi nao, wakakubaliana mzunguko, akaubandika ukutani mwezi mmoja kabla. Usitafute asilimia ya jambo kama hili, utaishia kuibuni. Andika kilichobadilika:

"Nilipanga pamoja na makarani 6 mzunguko wa zamu za usiku na wikendi, zamu nyingine ya yadi baadaye ilitumia utaratibu huohuo."

Majina na makosa ya mtu mmojammoja yasiingie. Ulimwonya fulani kwa kuchelewa? Hilo ni la faili lake ofisini.

Na zile dakika 90? Zinaweza kubaki, mradi kila mwenye haki apewe yake:

"Muda wa lori yadini ulishuka kutoka dakika 90 hadi 55 baada ya mashine ya pili kuletwa, mchango wangu ulikuwa kuwahamishia makarani 2 langoni saa za msongamano."

Wengi huogopa sentensi hii kwamba itawapunguza. Sisi tunaona kinyume, maana mwenye kuajiri anaona mtu anayejua kwa nini mambo yalienda vizuri.

Sentensi tatu au nne za aina hii zinatosha kwa cheo kimoja cha kwanza. Juu yake weka mstari mmoja wa ukubwa wa kazi: watu wangapi, zamu ipi, muda gani. Kama ulikuwa unakaimu, andika "kaimu". Kama ratiba uliipanga wewe lakini likizo zilikuwa zikiidhinishwa na meneja, usiandike kwamba uliidhinisha likizo, kwa sababu meneja huyo ndiye atakayepigiwa simu. Wasifu wa Kiingereza una mtego wake: desturi huko ni kumwacha mtendaji, kitenzi kikasimama peke yake, na msomaji huchukulia kwamba kila kitu ni chako. Huko itabidi utaje zamu kwa jina lake pale ambapo kazi ilikuwa ya zamu.