Je, wajua? Kwa nini skwea paipu iliyochanwa kwa urefu hulegea hivi

"Fundi, nguzo ya bango nimeipasua mstari mmoja tu kwa grainda, juu hadi chini, nipitishe waya wa taa. Chuma kilichotoka hakijai hata kiganja. Mbona sasa upepo ukipiga, bango linageuka kama mlango?"

Kwa sababu kinachozuia nguzo isisokoteke ni mzunguko wa kuta zake nne zilizoshikana, na ulichokata ni huo mzunguko. Uzito wa chuma kilichotoka hauna neno hapa.

Chukua nguzo za mabango zinazoonekana barabara za Mtwara: skwea paipu moja imesimama, bango limetokeza upande mmoja. Kusi ikivuma, inalisukuma bango, na nguzo inapinda na kusokoteka kwa pamoja. Kupinda tukuache kando, tuangalie msokoto.

Tuseme paipu ni ya milimita 100 kwa 50, unene wa ukuta 3. Upepo unasukuma kwa nyutoni 500, na katikati ya bango ni sentimita 80 kutoka kwenye nguzo. Msokoto, T, ni 500 × 0.8, yaani nyutoni-mita 400, au nyutoni-milimita 400,000.

Sasa chukua kipande kidogo cha ukuta, ukikate kwa mawazo kwa mistari miwili inayokwenda kwa urefu wa nguzo. Kwenye mstari mmoja chuma jirani kinakivuta juu, kwenye mwingine kinakivuta chini. Katika msokoto mtupu hakuna kitu kingine kinachokivuta upande huo, kwa hiyo nguvu hizo mbili lazima zilingane. Hilo ni kweli popote utakapochagua mistari yako. Ndiyo maana nguvu ya mkato kwa kila milimita ya ukuta, inayoitwa mtiririko wa mkato na kuandikwa q, ni ileile kuzunguka paipu nzima, hata kama kuta hazina unene mmoja. Mhandisi Mjerumani Rudolf Bredt alichapisha kanuni yake mwaka 1896:

q = T / (2A)

A ni eneo linalozungukwa na mstari unaopita katikati ya unene wa ukuta. Wengi hukosea hapa kwa kupiga hesabu ya eneo la chuma chenyewe. Kwetu ni 97 × 47, yaani milimita za mraba 4,559, karibu lote likiwa hewa tupu. Basi q ni 400,000 ÷ 9,118, takriban nyutoni 43.9 kwa kila milimita. Gawanya kwa unene 3, unapata mkazo wa mkato wa nyutoni 14.6 kwa milimita ya mraba. Chuma cha kawaida hakishtuki kwa huo.

Pembe ya msokoto inataka urefu L na ugumu wa chuma dhidi ya mkato, G, ambao ni kama nyutoni 80,000 kwa milimita ya mraba. Mzunguko wa mstari wa katikati, s, ni milimita 288, na unene, t, ni 3:

θ = T·L·s / (4·A²·G·t)

Kwa nguzo ya mita 3 jibu ni radiani 0.0173, kama digrii moja. Macho hayaioni.

Ukishaichana, q haina tena pa kuvukia. Kila ukuta unabaki kujisokota peke yake kama ukanda wa bati, na ugumu wa umbo lake dhidi ya msokoto unakuwa s·t³/3, yaani 2,592, badala ya ule wa mwanzo wa 4·A²·t/s, yaani 866,000. Umepungua mara 334! Mkazo nao unaruka hadi nyutoni 463 kwa milimita ya mraba, na chuma hicho kinakuwa kimeshakubali kuharibika muda mrefu kabla ya hapo. Ukitaka kuona kwa macho, chora mstari wa chaki unaokatiza ufa, kisha sokota kwa mkono: nusu moja ya chaki itapanda, nyingine itashuka. Kwenye paipu nzima kuteleza huko ndiko kulikokuwa kunazuiwa.

Kuichomelea tena kunasaidia, mradi mshono ubebe q. Ukichomelea vipande vya milimita 50, kimoja kila milimita 200, kila kipande kinabeba 43.9 × 200, karibu nyutoni 8,800. Kikiwa kimeiva unene wote wa milimita 3, mkazo wake ni kama 59, kinavumilia. Vinukta viwili vitatu vya kushikizia tu havitoshi.

Ila mimi kwa ukanda huu wa pwani ningechomelea mfululizo, maana chumvi itaingia kwenye mianya na kula chuma kwa ndani. Upande mmoja ukiliwa hadi milimita 1.5, q haibadiliki, hivyo mkazo wa upande huo peke yake unapanda mara mbili, hadi 29. Waya wa taa tundu moja dogo chini na jingine juu linautosha.