Mbona Barua Yangu kwa Mhariri Imekatwa?

Malalamiko yamezidi kwenye dawati letu la barua, wasomaji wanasema tunawaziba midomo. Wacha nieleze kazi inavyoenda hapa Kenya, na nitatumia barua ya mfano inayofanana na nyingi tunazopokea.

Mtu ameandika maneno 600 na nafasi ni 200. Aya tatu za kwanza ni salamu, pongezi kwa gazeti na historia ya kijiji tangu uhuru, hizo zinaondoka zote na hatumpigii mtu simu kumuomba ruhusa. Kiini kiko aya ya nne: "Chifu wetu ni mwizi, amekula pesa za basari."

Hapo sasa nampigia mwandishi. Jina la kupanga tunaweza kuchapisha, lakini jina halisi na namba lazima tuwe nazo, maana wapo wanaoandika kwa jina la jirani ili wamgombanishe na watu. Namuuliza, umejuaje? Akisema "kila mtu anajua", sentensi hiyo haiingii. Akisema alipeleka fomu, orodha ikabandikwa bila jina la mtoto, hakuna aliyemweleza sababu na anataka kujua waliopata walichaguliwa vipi, basi hapo tuna kitu, naomba picha ya fomu halafu napigia ofisi ya chifu nisikie upande wao.

Barua inatoka hivi: "Nilipeleka fomu ya basari na ikapokelewa. Jina la mwanangu halikutokea na sijaelezwa sababu. Chifu atuambie waliopata walichaguliwa vipi." Swali linabaki na makali yake, neno mwizi halipo. Sisi tunapunguza maneno, hatumuongezei mtu hoja, na kama kukata kunageuza maana namsomea mwenyewe kwanza.

Na tafadhali, kuandika "inasemekana" hakukuokoi! Wala kuficha jina, kwa sababu ukisema "chifu wa lokesheni yetu" na lokesheni umeitaja, ni nani hamjui? Sheria inamshika aliyeandika na gazeti lililochapisha pia. Maoni makali yanaruhusiwa, hata kusema chifu hafai kazi, ila yasimame juu ya jambo la kweli ambalo umelitaja.

Wengi wanadhani kwa vile Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu mwaka 2017 basi mambo yameisha. Hapana jamani, kesi ya madai ipo pale pale. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fidia isipungue shilingi 1,000,000, na kosa la kifungo kisichopungua miaka 3 isipungue 400,000. Wizi wa mtumishi wa umma ni hadi miaka 7, kwa hiyo hilo neno moja linaweza kukugharimu.

Matusi ya kabila au ya mwili wa mtu hatuhariri, barua yenyewe inakataliwa. Zilizochapishwa tunatunza nakala yake ya awali pamoja na kumbukumbu za simu, kwa sababu aliyekashifiwa ana miezi 12 ya kufungua kesi.