Mauzo.xlsx na mauzo.xlsx: dhana potofu kuhusu folda za Windows na Linux

Dhana: Majina yakitofautiana kwa herufi kubwa tu, Windows itaweka faili zote mbili.

Ukweli: haitaweka. Windows huhifadhi jina jinsi ulivyoliandika, lakini inapolitafuta, kwake M na m ni kitu kimoja. Linux huziona faili mbili. Dukani Kampala seva yetu ni ya Linux, na karani wa Arua anatumia laptopu ya Windows. Kwenye seva kulikuwa na `Mauzo-Arua.xlsx` ya Juni, na mtu mwingine akaongeza `mauzo-arua.xlsx` ya Julai. Tuliponakili folda nzima kwenda Arua, Julai iliandikwa juu ya Juni bila onyo lolote. Nilishtuka nilipohesabu faili: seva 212, laptopu 211. Programu ya kusawazisha iliyo makini huikataa faili ya pili na kuonyesha kosa. Isiyo makini inaweza kudhani umeifuta, ikaifuta hata kwenye seva.

Kabla ya kusawazisha, ingia kwenye folda ya Linux uandike:

```
find . | sort -f | uniq -Di
```

Kila jina litakalotokea lina pacha wake. Badilisha mmoja jina kabisa, usicheze na herufi tu.

Dhana: Alama iliyokatazwa itagomewa tu, hakuna kinachopotea.

Ukweli: Windows haikubali `< > : " / \ | ? *` ndani ya jina, wala jina linaloishia kwa nukta au nafasi. Lakini nukta mbili ina ujanja wake. Programu ikijaribu kuandika `ripoti 14:30.csv` kwenye diski ya NTFS, Windows inaweza kuunda faili iitwayo `ripoti 14`, yenye ukubwa wa sifuri, na data yote ikaingia katika mkondo uliofichwa uitwao `30.csv`. Ukiifungua, ni tupu. Mkondo huo utauona ukiandika `dir /r` kwenye Command Prompt. Sisi sasa saa tunaiandika `14-30`, basi.

Dhana: Linux imekubali jina refu, kwa hiyo tumemaliza.

Ukweli: Linux huruhusu baiti 255 kwa kila jina, na njia nzima, yaani folda zote hadi jina la faili, kufika takribani baiti 4096. Programu nyingi za Windows bado zimefungwa kwenye herufi 260 kwa njia nzima, na hesabu huanzia `C:\`. Kwa hiyo folda inayokaa vizuri kwenye `/srv/duka` inaweza kushindikana ndani ya `C:\Users\...\Documents\...`, kwa sababu njia hiyo ya mwanzo imeshakula nafasi. Tangu Windows 10 toleo 1607 unaweza kuwasha mpangilio wa `LongPathsEnabled`, ila programu yenyewe lazima iwe imeandikwa kuikubali. Kwa karani wa Arua nilichagua njia ya mkato: folda nikaihamishia `C:\D`.