Kwa nini `tol = 1e-15` haikupi tarakimu 15

Nimeletewa programu nyingine ya kutafuta kitako cha bonde, yaani mahali fomula inapotoa thamani ndogo kabisa, kwa uwiano wa dhahabu. Imewekwa `tol = 1e-15`, yaani isimame upana wa kipande kinachotafutwa ukishuka chini ya hapo, na aliyeiandika anauliza kosa liko wapi, maana jibu lake ni sahihi hadi desimali ya saba hivi, kisha linapotea. Programu haina kosa. Kosa ni imani kwamba ukipunguza `tol`, jibu litaendelea kunoga bila mwisho. Imani hii nimekutana nayo mara nyingi mno, basi leo niimalize kwa mfano mmoja.

Chukua kopo la lita moja lenye nusukipenyo r kwa sentimita. Bati linalohitajika, pamoja na kitako na kifuniko, ni A(r) = 2πr² + 2000/r. Kopo jembamba sana linakula bati kwa urefu, pana sana linakula kwa vifuniko, na katikati kuna bonde moja tu. Tuanze kati ya 3 na 9. Nukta mbili za ndani, kila moja ikiwa 0.618 ya upana kutoka ncha yake ya mbali, zinakaa 5.292 na 6.708, na bati ni 553.89 na 580.88. Ya kulia iko juu, kwa hiyo tunatupa kila kilicho kulia kwa 6.708. Sasa 5.292 inajikuta tayari mahali pake ndani ya kipande kipya, kwa sababu 0.618 ikijizidisha yenyewe ni sawa na 1 kutoa 0.618. Tunahitaji hesabu moja mpya tu, kwenye 4.416: inatoa 575.43, tunakata kushoto. Inayofuata ni 5.832, inatoa 556.64, tunakata kulia. Tumebaki na 4.416 hadi 5.832, na jibu la kweli, 5.4193, limo ndani. Mbinu hii Jack Kiefer aliichapisha mwaka 1953, na hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi uko chini ya bonde. Mbinu hii haijui kitu kingine isipokuwa ipi kati ya namba mbili ni ndogo. Na kitako cha bonde ni bapa: ukisogea h kutoka kwenye jibu, bati linaongezeka kwa takriban 18.85h², si kwa h. Ukikosea kwa 0.001, bati linabadilika kwa 0.00002 hivi. Ukikosea kwa 0.00000001, badiliko ni kama 2e-15. Lakini kompyuta inayotumia `float64` haiwezi kutofautisha namba mbili zilizo karibu na 553.6 kama zimepishana kwa chini ya 1.1e-13. Piga hesabu kinyumenyume: h ikishuka chini ya 8e-8 hivi, nukta zote mbili zinasoma bati lile lile, au zinapishana kwa makosa ya kukadiria tu. Kuanzia hapo programu haitafuti tena. Inakata upande wowote, nawe unaona kipande kikizidi kupungua, unaamini unakaribia.

Kutoka upana wa 6 hadi 8e-8 ni hatua 38. Kufika 1e-15 ni hatua 76. Nusu ya pili yote ni umeme uliopotea, na ukishuka hadi `1e-16` kitanzi kinaweza kisiishe kabisa, kwa sababu karibu na 5.4 namba mbili jirani zimepishana kwa 8.9e-16.

Kujua kama umefika huko, usiamini upana wa kipande. Anza tena kati ya 2 na 10, halafu linganisha majibu mawili: tarakimu zinazokubaliana ndizo zako. Ukitaka zaidi, acha kulinganisha bati, tafuta mahali mteremko wake unapokuwa sifuri:

```python
import math

def m(r):
    return 4*math.pi*r - 2000/r**2
```

Mteremko haulali bapa pale; unakata sifuri kwa kasi, kwa hiyo kugawa kipande nusu kwa nusu kutakupa karibu tarakimu zote.

Kama thamani zinatoka kwenye vipimo vya maabara, hali ni kali zaidi. Kosa la 0.1% kwenye bati linakunyima uhakika wa r kwa takriban sentimita 0.17, hata ukirudia kukata mara mia. Na hapo nina shaka ambayo vitabu huiruka: kwa kopo naweza kuthibitisha bonde ni moja, maana mteremko unapanda mwanzo hadi mwisho. Kwa vipimo siwezi. Kelele yenyewe inachimba vibonde vidogo, na mbinu hii ikitumbukia kimoja inatoa jibu safi lisilo na dalili yoyote ya tatizo. Ndiyo maana kwa vipimo mimi hupima kwanza nukta kadhaa zilizotawanyika, nazichora, kisha ndipo naanza kukata.